Majina Kumi na Mawili ya Dahabo

Jumanne, 22 Agosti 1995

Nimeswali. Nimefagia mlangoni. Chai bila maziwa, mbuzi amekauka. Joto la kuchoma nyayo.

Saa kumi nimekwenda kwa Kaltuma kama kila siku. Hoteli yake ni mabati manne na mabenchi, lakini kiti chenye egemeo ni changu. Hakuna anayekikalia. Mimi ndiye msimuliaji mkubwa kuanzia hapa Garissa mpaka Griftu, na Griftu wanajua.

Leo shujaa wangu Farah alizingirwa na maadui mia. Nikampa pete. Akaisugua, akaruka juu kama ndege, maadui wakageuka vumbi. Nilingoja kelele. Hakuna. Wawili waliondoka kabla chai haijaisha. Mmoja alikuwa anasinzia, wallahi, mdomo wazi.

Dubow ndiye aliyesema. Dubow alikuwa dalali wa ngamia, mtu wa kutafuta kasoro kwenye meno ya kila mnyama. Akasema: "Mzee Nuur, Farah wako hafi hata akitaka mwenyewe. Juzi kofia, jana fimbo, leo pete. Mimi nimwogopee nini?"

Watu wakacheka. Kicheko walimpa yeye, mimi hawakunipa.

Nimerudi nyumbani na hasira. Naandika kwa sababu mwalimu wa ngumbaru alituambia tuandike kila siku, kwa Kiswahili, hata mstari mmoja. Mimi naandika zaidi ya mstari. Darasa zima hakuna mzee anayenishinda.

Jumatano, 23 Agosti

Watu saba tu leo. Mwezi uliopita walikuwa wanakaa mpaka chini.

Dubow akanikabili mbele ya wote. Alisema nisimulie hadithi mpya yenye uchawi, lakini kwanza niseme uchawi huo unafanya nini, haufanyi nini, na mwenye kuutumia analipa nini. Niseme kabla, si baada. Nisiongeze kitu katikati. Nikiongeza, nimeiba. Nikiiba, kiti nakiacha na mdomo naufunga, hapo kwa Kaltuma, maisha yangu yote.

Nikakubali. Ningefanyaje? Kaltuma atakuwa hakimu. Hana upendeleo yule mama, hata mume wake alimlipisha chai.

Sasa ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Nilikuwa na ngamia thelathini na wawili. Nilichimba visima kwa mikono hii, Wajir mpaka Bute. Ukame ulikula ngamia. Umri ukala mikono. Kilichobaki ni mdomo na kile kiti. Nikikosa kiti, mimi ni mzee mwingine tu anayehama na kivuli cha ukuta.

Ijumaa, 25 Agosti

Siku mbili nafikiri. Kichwa kinauma.

Uchawi nimeupata upesi: mwanamke anayeita maji katika kisima kilichokauka. Jina lake Dahabo. Visima navijua kuliko mtu yeyote, kwa hiyo hapo hawataniweza.

Shida ni malipo. Nilisema atachoka. Akiita maji, anaanguka, analala siku nzima. Nikaliona jambo kubwa, nikamwambia Habiba. Mke wangu alikuwa anashusha mtungi. Akasema, "Achoke? Mimi nachoka kila siku kwa kubeba maji ya mkokoteni wa punda, na asubuhi naamka. Hiyo nayo ni bei?"

Ana haki, lakini sikumwambia.

Kitu kinachorudi baada ya kulala si malipo. Nikasema basi alipe ngamia. Kila kisima ngamia mmoja. Lakini ngamia huzaa, na wengine hutekwa kutoka kwa maadui. Tajiri angeita maji mwaka mzima asisikie chochote. Lazima atoe kitu kisichorudi, kisichonunuliwa, na kinachopungua mpaka kiishe. Na kimuume kila mara zaidi ya mara iliyopita.

Baada ya swala ya Ijumaa nilipita soko la mifugo. Vijana wawili, mmoja wa Bute, mmoja wa hapa, walikuwa wanagombania zamu ya maji. Mzee mmoja akawaambia, hesabuni. Kila mmoja akataja baba, babu, baba wa babu, akipanda juu. Jina la nane wakakutana. Ugomvi ukaisha palepale. Wakapeana mikono, wakanywesha pamoja.

Nikasimama juani kama mjinga. Nimepata.

Jumamosi, 26 Agosti

Nimeandika masharti kwenye ukuta wa Kaltuma kwa chaki, kwa mkono wangu mwenyewe. Watu walisimama kuangalia.

Dahabo ana majina kumi na mawili: lake, la baba, la babu, hivyo hivyo mpaka juu kabisa. Akitaka maji, ashuke mpaka chini ya kisima, alitaje jina moja. Maji yanapanda, yanabaki mpaka jua lizame, yanakauka. Jina lile limeliwa. Yeye halikumbuki tena. Na wale wote waliokuwa ndugu zake kwa jina lile hawamjui tena, kwa sababu njia ya kumfikia imekatika. Majina yanaliwa kuanzia la mbali kuja karibu. Hakuna kuruka. Kisima kiwe kimechimbwa na watu. Mvua hawezi. Mto hawezi. Kumdhuru mtu hawezi.

Nikadhani nimemaliza. Loo, wakanishukia kama nzi.

Mmoja akasema, ayaandike majina kabla, ayasome baadaye. Mimi ninayejifunza kuandika nilipaswa kuliona hilo. Nikasema jina likiliwa limeliwa, mdomoni, sikioni na kwenye karatasi. Kaltuma akauliza kuhusu ukoo wa mama yake. Nikasema hapana, kwa baba tu, ndivyo tunavyohesabu. Nilisema kwa majivuno, kama mtu aliyefikiri sana. Sikuwa nimefikiri. Mwingine akauliza kama anaweza kukopa majina ya mume. Hapana. Kama mtu mwingine anaweza kumlipia. Hapana. Dubow akauliza, akila jina lake mwenyewe je? Nikasema, basi hakuna anayemjua. Hata aliyemzaa. Hata mtoto wa tumbo lake.

Halafu Kaltuma akasema hapendi sihiri hotelini kwake. Nikasema ni hadithi tu, na maji yanapanda kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Dubow akainua kidole. "Hapo hapo. Andika pia kwamba hutamwita Mungu mwishoni kukutoa shimoni. Mungu si mlango wako wa nyuma."

Nikaandika. Ukuta umejaa. Nimechoka kuliko siku ya kuchimba.

Jumatatu, 28 Agosti

Nimeanza.

Dahabo bado kijana, kisima cha kwanza, mifugo inaanguka. Anashuka. Anataja jina la juu kabisa, Geeddi, babu wa kumi na moja. Maji yanafika magotini, kiunoni. Watu wanaimba, ndoo zinapanda. Kila mtu ana furaha. Bei ndogo, nani anamjua babu wa kumi na moja?

Kisha miezi inapita, Dahabo anahamia mbali, anafika kwa watu wa Geeddi waliokuwa wakimpokea kila kiangazi. Wanamwangalia. Wanamwuliza, wewe ni wa nani? Anataja majina. Yanaishia pale yanapoishia. Wanafunga zeriba, ule ua wao wa miiba.

Chai zilipoa. Nilisikia hata majiko.

Hawakulala leo. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Jumanne, 29 Agosti

Wamejaa mpaka nje. Kaltuma ameongeza sufuria.

Leo nimewachekesha. Bwana mmoja mwenye maringo alimposa Dahabo kwa beberu mchafu, mwenye harufu ya kufukuza fisi. Dahabo akashuka kisimani, akaita maji, akamwogesha beberu mbele ya wageni wote, akamrudisha akinukia. Walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa na chai mapajani. Niliwapa yote: sauti ya beberu, uso wa bwana, ndevu zikidondosha maji.

Hata Dubow alicheka. Alificha kwa kilemba.

Jumatano, 30 Agosti

Nusura nichinjwe.

Nilikuwa kwenye jina la tano kutoka juu. Dahabo analitaja: Liban, aliyezaliwa na Kulmiye. Barre muuza nyama akasimama. Alikuwa ametoka buchani, kisu bado mkononi. Anasema babu yake ni Samatar wa Liban wa Kulmiye, na mimi nimesimama mbele ya watu namla babu yake. Anasema ni laana. Anasema usiku huohuo mtoto wake ataamka hamjui.

Watu wakasogea kando. Mimi sikusogea. Nilishika kiti changu.

Majina nilitunga mwenyewe, lakini majina yetu ni yaleyale, yanarudiarudia kila boma. Kosa langu. Mtu wa pwani asingejali. Hapa jina la babu ni kama mguu wa mtu.

Kubadilisha siwezi, jina nimeshalitaja, lipo kwenye kumbukumbu za watu wote. Nikamwambia, "Barre, adeer, ami yangu, tuhesabu. Kulmiye wako alizaliwa na nani?" Akasema Abdulle. Wangu alizaliwa na Hirsi. Nikamwambia basi tumeachana hapo, huyu si wako. Akahesabu tena kwa vidole, na kisu kikihesabu naye. Kaltuma akahesabu. Dubow akahesabu. Kweli, si wake.

Akakaa. Akaagiza chai. Akasema niendelee, lakini polepole.

Alhamisi, 31 Agosti

Kaltuma ameweka kopo la maziwa ya unga kwenye meza ya chai. Ndani alitia kokoto kumi na mbili, moja kwa kila jina, akatoa za visima vilivyokwisha kupita. Kila Dahabo akiita maji, Kaltuma anatoa moja, anaitupa nje. Inalia tiing kwenye mawe. Watu wanaisikia kuliko sauti yangu. Sipendi.

Leo walinifundisha jambo, na naliandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nilikuwa nafikiri habari ya Dahabo tu. Wao wanafikiri dunia nzima inayomzunguka. Barre alisema, mwanamke kama huyo, wakubwa hawatamwacha. Kila mwenye ngamia wengi atataka kumuoa. Dubow akasema wataanza kumwuliza kwanza amebaki na majina mangapi, kama wanavyoangalia meno ya ngamia. Mwenye majina kumi ana thamani. Mwenye matatu ni mzee. Mtu mwingine akasema watu wake mwenyewe watamlinda akiwa na mengi, na watachoka naye kadiri anavyowasahau.

Nilikuwa sijafikiria hata moja. Nikatikisa kichwa, nikasema, "Ngojeni, yanakuja." Kisha nikayaweka yote. Yaliingia kama maji kwenye mfereji.

Jumamosi, 2 Septemba

Mgongo. Nimelala mchana wote.

Mwisho ninao sasa. Ni mzuri kuliko yote niliyowahi kusimulia. Ukame mkubwa. Kambi yote ya Dahabo imelala kwenye kisima kikavu, watu sitini, hawawezi kutembea. Na binti yake Idil yuko mbali, siku tatu, kwenye kisima kingine na ndama. Dahabo amebaki na matatu: babu Diriye, baba Elmi, na lake. Anamtoa babu kwa kambi. Anamtoa baba kwa binti. Anabaki na jina moja tu, lake, na binti anamjua. Wanakumbatiana. Hana ukoo, ana mtoto. Watalia na watashukuru.

Niliona macho yao tayari. Habiba anapita pale kila alasiri sasa, eti kununua sukari. Sukari ya nyumbani imejaa debe.

Jumapili, 3 Septemba

Vibaya. Vibaya kabisa.

Nilisimulia vizuri. Kambi imelala. Ngamia wanalia bila machozi. Dahabo anashuka, vidole vinashika mawe, anafika chini kwenye udongo mkavu. Anataja jina. Nikasema, "Diriye." Maji yakapanda. Watu sitini wakanywa.

Kaltuma akaweka mkono kwenye kopo, akasita. Akasema, "Mzee, kwa hesabu ya kokoto Diriye alishaondoka Ijumaa."

Nikasema amehesabu vibaya. Akamimina kopo mezani. Kokoto mbili. Akaanza kutaja kisima kimoja kimoja, na jina, tangu siku ya kwanza. Sauti yake haikupanda. Alipofika kwa beberu, nikaelewa.

Beberu sikumhesabu. Nilidhani ni kichekesho. Lakini alishuka kisimani, aliita maji, maji yalipanda. Jina la Warsame, lililokuwa na zamu siku ile, lilikwenda kuogesha mbuzi, kwa sababu mimi nilitaka watu wacheke.

Hotelini walikuwa wananiangalia. Maji nimeshayapandisha, siwezi kuyashusha. Kwa hiyo jina lililotajwa chini ya kisima kile si Diriye. Ni Elmi. Nimemla baba yake.

Kaltuma akatoa kokoto ya baba. Imebaki moja.

Nikasema nimechoka, tutaendelea. Nikaondoka. Sikutembea katikati ya barabara.

Jumatatu, 4 Septemba

Nimetuma neno kwamba naumwa. Si uongo.

Nimekaa nyuma ya nyumba, natafuta njia. Njia ziko nyingi, hilo ndilo linaloniudhi. Babu wa kumi na mbili aliyesahauliwa, ghafla mzee anakuja anamtaja. Au ukoo wa mama, kumbe nao unafaa, ila hakuna aliyewahi kujaribu. Au mvua. Mvua tu, inyeshe, mvua si uchawi. Lakini mvua ikinyesha saa ileile ninayoihitaji, hiyo ni pete ya Farah imevaa koti jingine. Mvua ingemtia Dahabo taabuni, sawa, hakuna ambaye angelalamika. Ikimtoa taabuni, nimeiba.

Au Dahabo asiende. Aache binti. Hilo halivunji sharti lolote. Lakini huyo si Dahabo.

Habiba alikuja akakaa. Hakai nami nyuma ya nyumba, miaka. Alisema, "Mpe jina moja, Nuur. Moja. Nani atakuuliza?"

Nikasema ukuta utaniuliza.

Akasema ukuta ni chaki, na kitambaa anacho. Macho yake yalikuwa yamejaa. Sisi pia tuna binti. Yuko Mandera kwa mume wake, miaka minne hatujamwona. Hatumtaji sana.

Habiba aliondoka na kitambaa chake.

Jumanne, 5 Septemba

Dubow amekuja nyumbani. Dubow! Hajawahi kukanyaga hapa. Alileta maziwa ya ngamia kwenye chupa ya soda. Akakaa, akazunguka, ngamia, bei, mafua yake. Mwisho akasema amefikiri, ile ahadi yetu ilikuwa maneno ya hasira, na yeye anaiondoa. Alisema, "Ongeza jina moja, mzee. Sisi tutaangalia pembeni. Tumekubaliana wote."

Nilipandwa na hasira mpaka fimbo ikadondoka. Wao ndio walionifunga kwa masharti. Sasa wamempenda, wanataka niyavunje. Nikamwambia hivi: ukinipa jina moja leo, umenirudishia yote kumi na moja. Geeddi aliliwa bure. Wale waliomfungia zeriba, bure. Kaka zake watakaompita kama mgeni, bure. Kila mtu aliyekaa kimya chai ikapoa, nilimdanganya. Kwa nini aogope tena akijua kwamba mfukoni nina jina la akiba?

Akasema, "Wewe ni mkaidi kama punda wa maji."

Nikasema ndiyo.

Alipoondoka nikanywa maziwa. Yalikuwa mazuri. Lakini mkaidi pia anaogopa. Mwisho sina. Namuona Idil amekunywa, na mama yake amesimama pembeni, amemwokoa mtoto asiyemjua tena. Baada ya hapo sioni. Na yeye Dahabo ametembea siku tatu bila maji. Hakuna sharti linalomkataza kunywa, lakini ndoo ni ya Idil, kamba ni ya Idil, kisima ni cha watu wa Idil. Dahabo hana jina la kudai hata tone. Nimemuua, kwa masharti yangu mwenyewe, kwenye ukingo wa kisima kilichojaa.

Jumatano, 6 Septemba

Nimemaliza.

Nilikwenda mapema. Nikaoga kwanza, nikavaa koti. Watu walijaa mpaka barabarani, mkokoteni wa punda ulishindwa kupita na mwenye punda akabaki kusikiliza. Habiba alisimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuleta hata kisingizio cha sukari.

Nilianza na kambi. Kaka zake watatu wamekunywa, wamepata nguvu, wanapita mbele yake. Mmoja anamwambia, mama, Mungu akulinde, umepotea njia? Hapo Barre akainama, akashika paji la uso.

Siku tatu za kutembea nilizifupisha. Nilikuwa sina pumzi ya kuzirefusha.

Kisima cha Idil. Ndama wamelala upande. Msichana yuko kwenye kivuli cha mti wa miiba, midomo imepasuka. Anamwona mama yake, ananyoosha mkono, anasema, hooyo. Mama. Nilimpa neno hilo moja tu. Dahabo hakusogea kumkumbatia, kwa sababu angemkumbatia asingeshuka. Akashuka.

Kokoto ilikuwa imekaa ndani ya kopo. Kila mtu aliitazama. Nilisikia mtu ananong'ona, ongeza, mzee, ongeza.

Nikasema, "Dahabo."

Maji yakapanda. Yakampandisha naye mpaka juu, kama yanavyopandisha ndoo. Akatoka amelowa. Kaltuma alichukua kokoto. Hakuitupa. Aliishika tu ngumini.

Nikaendelea. Msichana anatoa ndoo ya kwanza, anawapa ndama. Anatoa ya pili, anakunywa. Anageuka. Kuna mwanamke mgeni, amekaa mbali kidogo, kama wageni wanavyokaa, akingoja. Midomo yake ni mikavu.

Hapo ndipo nilipokuwa sina kitu. Wallahi, sikuwa na kitu, nilikuwa nimefungua mdomo tu. Nikatazama Habiba mlangoni, na Habiba alikuwa ameshika kikombe, anampa yule mwenye punda maji. Hakumwuliza jina. Hakumwuliza ni wa nani. Nani anamwuliza mgeni kabla hajanywa? Tangu lini? Kunywa kwanza, kuhesabu ukoo baadaye, ndivyo ilivyo kwenye kila kisima nilichowahi kuchimba. Hilo si sharti la ukutani. Si uchawi. Halikuandikwa kwa sababu kila mtu hapa amezaliwa nalo.

Nikasema: msichana akajaza ndoo ya tatu, akaileta kwa mikono miwili, akamwambia mgeni, kunywa. Na mwanamke akanywa.

Mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Barre alikuwa analia waziwazi, jitu lote lile. Dubow alisoma ukuta kutoka juu mpaka chini, kidole kikifuata mistari, na yeye kusoma hajui. Kaltuma akasema neno moja, "Hakuiba." Akaanza kukusanya vikombe.

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Kiti kimebaki changu. Nilidhani nitajisikia mkubwa. Nilijisikia kama siku ile tuliyofika maji Bute, pima ishirini chini, na wote tukakaa tu kwenye tope, hakuna mwenye nguvu ya kupiga kelele.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimelala mpaka jua likapanda. Magoti yanauma.

Sikwenda kwa Kaltuma. Mwenye punda aliponiona mlangoni aliniamkia, akanipa mtungi mmoja wa maji bila malipo, akakataa kungoja niseme kitu. Baadaye nikasikia Dubow yuko hotelini na kiti kiko wazi, amekaa benchi la pembeni. Wameniulizia. Nimesema Jumamosi, labda.

Habiba alikuwa ananichambulia mchele. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Alipokunywa, msichana yuko peke yake na ndama wote wale. Si angehitaji mtu wa kumsaidia kuchunga?"

Nikafikiri. Nikapitia ukuta wote kichwani, sharti baada ya sharti, mara mbili. Hakuna linalokataza.

Nikamwambia, angehitaji.

Akatikisa kichwa, akapuliza makapi. Tukakaa. Leo kuna upepo kidogo kutoka mtoni.